Mpango wa Kupunguza na Kuondoa Dawa: Bibi M.H., miaka 76, Makorora, Tanga

Kliniki ya magonjwa ya ndani, Tanga mjini. Umeandikwa Jumatatu 29 Juni 2026. Utekelezaji unaanza Jumatatu 6 Julai 2026. Nakala wanazo mfamasia wa kliniki, muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wake, na binti yake anayeishi naye.

Hali ilivyo

Bibi ameanguka mara mbili tangu Aprili. Mara ya pili ilikuwa saa tisa usiku akienda msalani, akachanika kipaji. Binti anasema asubuhi mama yake "yupo lakini hayupo": chai inapoa mbele yake mpaka saa nne. Choo anapata baada ya siku tatu au nne. Mdomo umekauka kiasi kwamba mkate hali mpaka auchovye.

Vipimo vya leo: uzito kilo 54. Presha akiwa amelala 148/82. Baada ya kusimama dakika tatu, 122/74, na akasema anaona kizunguzungu. Kunyanyuka kwenye kiti, kutembea mita tatu, kurudi na kukaa kumemchukua sekunde 21. Baada ya kukojoa, kibofu kilibaki na ml 180. Alama za PHQ-9, dodoso la sonona, ni 6. Kwa 4AT, kipimo kifupi cha kuchanganyikiwa kwa ghafla, hana dalili ya kuweweseka kwa sasa. Ana kisukari na presha ya muda mrefu. Alipofiwa na mumewe miaka sita iliyopita alipata sonona, na alitibiwa.

Dawa tulizozikuta

Binti alikuja na kopo la samli limejaa vidonge, tukavimwaga mezani. Anavyotumia kwa kweli ni hivi: diazepamu mg 10 usiku, tangu msiba, amitriptilini mg 50 usiku, kwanza kwa sonona, baadaye kwa miguu inayowaka moto, promethazini mg 25 usiku, piritoni mg 4 mara tatu kwa siku kwa ajili ya kuwashwa, anajinunulia duka la dawa muhimu, buskopani mara mojamoja tumbo likinyonga. Nje ya kundi hilo kuna metformini na glibenklamidi za kisukari, na amlodipini ya presha.

Hakuna mtu mmoja aliyekaa akaamua kumpa zote hizi. Kila moja ilikuwa na sababu siku ilipoandikwa, ila hakuna aliyerudi kuiondoa.

Kwenye kipimo cha mzigo wa dawa zinazozuia asetilikolini, yaani zile zinazokausha mdomo, kufunga choo, kubana mkojo na kutia ukungu akilini, piritoni, promethazini na amitriptilini zina alama 3 kila moja, diazepamu 1. Jumla 10, wakati alama 3 tu zinatosha kututia wasiwasi kwa mzee. Tukiondoa piritoni na promethazini peke yake, anabaki na 4. Ndiyo maana tunaanzia hapo: faida ni kubwa na hatari ya kuziacha ni ndogo.

Alichosema mwenyewe

"Mwanangu, ukininyang'anya cha usiku nitakesha na popo." Tumekubaliana naye mambo matatu: hakuna dawa itakayokatwa ghafla, hakuna hatua itakayopigwa bila yeye kuridhia, na akisema "simama hapo" tunasimama. Anachokitaka zaidi ni kwenda msikitini Ijumaa bila kushikwa mkono. Hilo ndilo lengo la kwanza la mpango huu.

Ratiba

Dawa moja kwa wakati mmoja. Tukipunguza mbili pamoja, usingizi ukiharibika hatutajua mkosaji ni nani.

*Piritoni na promethazini.* Tarehe 6 Julai anaacha piritoni ya asubuhi na ya mchana. Tarehe 13 anaacha ya usiku. Tarehe 20 Julai promethazini inakuwa nusu kidonge, na tarehe 3 Agosti inakwisha. Buskopani haiandikwi tena. Tumbo lake linanyonga kwa sababu choo kimefunga, na buskopani inazidi kukifunga. Kuwashwa tumekuchunguza: si upele, ni ngozi kavu. Mafuta ya nazi au ya mgando mara mbili kwa siku, na sabuni kali iachwe.

*Diazepamu.* Inaanza kupunguzwa 17 Agosti, baada ya wiki mbili za utulivu. Mfamasia atachanganya vidonge vya mg 5 na vya mg 2, na kumfungia bahasha ya kila wiki. Vidonge vya chupa, nje ya bahasha, asipewe. Dozi ni moja, saa tatu usiku.

- 17 Agosti: mg 9
- 31 Agosti: mg 8
- 14 Septemba: mg 7
- 28 Septemba: mg 6
- 12 Oktoba: mg 5
- 26 Oktoba: mg 4
- 23 Novemba: mg 3
- 21 Desemba: mg 2
- 18 Januari 2027: mg 1
- 15 Machi 2027: kuacha

Kuanzia mg 4 tunakwenda wiki nnenne, kwa sababu huko chini mg 1 si asilimia 10 tena. Kutoka mg 2 kwenda mg 1 ni nusu nzima ya dozi. Wagonjwa wengi wanashindwa hapo mwishoni, ambapo sisi waandikaji tunaona kilichobaki ni kidogo na kukimbilia kumaliza.

Kwa hesabu mg 1 ingekwisha 15 Februari, lakini Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari 2027. Kuamka daku na kulala baada ya tarawehe kunavuruga usingizi wa mtu yeyote, kwa hiyo atabaki na mg 1 mwezi mzima na kuacha baada ya Idi. Kama atafunga au la, hilo aamue na kliniki ya kisukari kabla ya mwezi kuandama.

*Amitriptilini.* Inasubiri mpaka 12 Aprili 2027: mg 37.5. Tarehe 10 Mei: mg 25. Hapo tunakaa na kuongea. Maumivu ya miguu yakiwa kimya na moyo ukiwa mzuri, mg 12.5 tarehe 7 Juni na kuacha 5 Julai. Kubaki na mg 25 si kushindwa. Wakati huohuo tunapima vitamini B12, maana metformini ya miaka mingi huishusha, na upungufu wake huchoma miguu na kuchafua kumbukumbu. Ikiwa ndiyo sababu, tumekuwa tukimtibu kwa dawa isiyo yake.

Glibenklamidi haimfai mzee wa umri huu kwa sababu ya kushusha sukari kupita kiasi. Kliniki ya kisukari imeombwa kumbadilishia, na ibadilishwe kabla ya 17 Agosti, si katikati ya ngazi ya diazepamu.

Dalili za kuacha dawa, na ugonjwa kurudi

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu makosa mengi yanafanyika hapa: dalili za kuacha zinatokea, mtu anaona "ugonjwa umerudi", na dawa inarudishwa yote.

Diazepamu na mabaki yake yanayoendelea kufanya kazi hukaa mwilini siku nyingi, kwa mzee zaidi. Kwa hiyo siku tatu za kwanza zikipita salama msishangilie. Dalili zinaweza kuja siku ya tano, ya saba, hata baadaye: usingizi kukatika, mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, wasiwasi, sauti kumkera. Bibi aliyekuwa halalamikii adhana ya alfajiri akianza kusema spika inampasua kichwa, hiyo ni dalili mpya, na dalili mpya inaelekeza kwenye kuacha dawa. Nyingi hupungua zenyewe ndani ya wiki chache kama dozi haikuguswa.

Ugonjwa kurudi una sura nyingine. Unakuja taratibu, kwa sura ileile aliyokuwa nayo baada ya msiba, na badala ya kupungua unaongezeka: hataki kutoka, hataki kula, analia bila sababu, anasema hana faida. Kwa amitriptilini, kichefuchefu, kuhara, mafua na ndoto za ajabu ndani ya siku chache ni mwili unaozoea. Huzuni inayokua wiki ya tatu ni sonona mpaka ithibitike vinginevyo.

Kabla ya kulaumu hatua ya dawa, mambo mawili. Jasho na kutetemeka: pima sukari kwanza. Homa au kuchanganyikiwa: pima malaria na mkojo. Tuko Tanga, na dawa isisingiziwe kila kitu.

Nani anafanya nini

Binti anaandika kwenye daftari kila asubuhi: saa alizolala, ameamka mara ngapi, ameanguka au la, choo, na alama ya wasiwasi kutoka 0 hadi 10. Mistari miwili inatosha. Kahawa chungu mwisho saa sita mchana, hata wageni wakija na kashata. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Taa ndogo ya njia ya msalani iwake usiku kucha. Maji, papai na mboga kila siku kwa ajili ya choo.

Mhudumu wa afya ampitie siku ya tano na ya kumi baada ya kila hatua. Muuguzi, kila ziara ya kliniki: presha akiwa amelala na amesimama, sekunde za kutembea, 4AT; PHQ-9 kila mwezi. Mfamasia apokee vidonge vyote vya kopo la samli, visibaki nyumbani. Dawa yoyote ya mafua, kikohozi, usingizi au maumivu makali, tramadoli ikiwemo, isinunuliwe kabla ya kutuuliza. Ndugu wa Dar wenye huruma nao waambiwe hivyo.

Mambo yakiharibika

Dalili nyepesi, anakula na kutembea: abaki kwenye dozi ileile wiki mbili zaidi. Hatupandi wala hatushuki.

Amekosa usingizi usiku tatu mfululizo, anatetemeka mpaka kikombe kinamwagika, au wasiwasi umefika 7: binti apige simu namba iliyo kwenye kadi. Tunarudi hatua moja, tunakaa wiki nne, kisha tunashuka kwa nusu ya mwendo.

PHQ-9 ikifika 10: aonwe na daktari wiki hiyohiyo. Akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo.

Hospitali ya Bombo mara moja, usiku au mchana: kukakamaa na kutupa viungo, kuona watu wasiokuwepo, kuweweseka, kushindwa kukojoa, kuanguka na kuumia kichwa. Daftari na karatasi hii viende naye, na asemewe wazi kwamba anapunguziwa diazepamu, ili asikatiwe yote wodini.

Baada ya kidonge cha mwisho

Ziara kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka utimie. Akigota kwenye mg 2 za diazepamu, haanguki na akili imetulia, tutabaki hapo na kujaribu tena baada ya miezi sita. Ziara ya kwanza ya ufuatiliaji wa mpango huu ni Jumatatu 20 Julai 2026, saa tatu asubuhi. Bibi aje amekula, na binti aje na daftari na bahasha tupu.