CHETI CHA UTUMISHI

KIWANDA CHA UNGA MLIMANI
Eneo la Viwanda Kihonda, Morogoro

Kumb. Na.: KUM/UTW/CU/17/2025
Tarehe: 3 Novemba 2025

KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA

YAH: UTUMISHI WA NDUGU HAMISI RAJABU SEIF

Cheti hiki kinatolewa kwa mujibu wa kifungu cha 44(2) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachomtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma.

Jina la mfanyakazi: Hamisi Rajabu Seif
Namba ya mfanyakazi: 0086
Kituo cha kazi: Ghala Kuu, Kihonda, Morogoro
Aina ya ajira: Mkataba wa muda usio maalumu
Kuanza kwa ajira: 4 Februari 2019
Kukoma kwa ajira: 31 Oktoba 2025
Muda wa utumishi: Miaka 6, miezi 8 na siku 28

Katika mkataba wa mwaka 2019 na katika orodha za mishahara hadi Desemba 2020, jina liliandikwa "Khamis R. Seif". Kuanzia Januari 2021 kumbukumbu zetu zinafuata jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Tunathibitisha kuwa majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Siku yake ya mwisho kufika kazini ilikuwa Ijumaa, 10 Oktoba 2025. Kuanzia tarehe 11 hadi 31 Oktoba alikuwa katika likizo ya mwaka yenye malipo, siku 21 zilizokuwa zimebaki. Ajira haikukatika katika kipindi hicho, kwa hiyo tarehe ya kuhesabu utumishi ni 31 Oktoba.

VYEO NA MAJUKUMU

Msaidizi wa Ghala, 4 Februari 2019 hadi 30 Juni 2021. Alipangiwa kusimamia upakuaji wa magunia ya mahindi kutoka kwenye malori, kuhesabu magunia mbele ya dereva, kuyapanga juu ya chaga na kutunza usafi wa ghala. Kuanzia 3 Mei hadi 30 Juni 2021 alikaimu nafasi ya Mtunza Ghala kwa barua. Kipindi hicho kinatajwa hapa kwa sababu kimo katika jalada lake na ni sehemu ya utumishi wake.

Mtunza Ghala, 1 Julai 2021 hadi 31 Oktoba 2025. Mzigo wa mahindi ulipofika, alipangiwa kuupima uzito kwenye mizani ya lori, kuchukua sampuli na kupima unyevu kwa kipimo cha mkono, kuutenga mzigo uliozidi unyevu wa asilimia 13.5 na kumwarifu Msimamizi wa Ubora, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuukubali au kuukataa. Mzigo uliokubaliwa aliuandikia hati ya kupokelea na kuuingiza kwenye leja na kadi ya stoo siku hiyohiyo.

Upande wa kutoa, alipangiwa kutoa sembe, dona na pumba kwa hati iliyosainiwa na Idara ya Mauzo, kwa utaratibu wa mzigo ulioingia kwanza kutoka kwanza. Kila mwisho wa mwezi alishiriki kuhesabu mali ya ghala pamoja na mhasibu, na wote wawili walisaini karatasi ya hesabu. Aliwapangia zamu wasaidizi wanne. Ununuzi, upangaji wa bei na upokeaji wa fedha taslimu havikuwa katika majukumu yake.

MIPAKA YA CHETI HIKI

Majukumu yaliyotajwa ni yale aliyopangiwa kwa mkataba na kwa barua zilizomo katika jalada lake. Cheti hakipimi utendaji, tabia wala mwenendo wake, na hakitaji sababu ya kukoma kwa ajira. Huo ndio utaratibu wetu kwa kila mfanyakazi anayeondoka, wa cheo chochote. Tunaomba ukimya huo usichukuliwe kuwa sifa wala lawama.

Cheti hiki si hati ya malipo. Hakithibitishi wala hakifuti haki, deni au dai la upande wowote. Mwajiri mwingine anayetaka kuhakiki tarehe na vyeo hivi aandike barua kwa Idara ya Utawala akitaja kumbukumbu namba iliyo juu. Atajibiwa kwa yaliyomo humu tu.

Kimetolewa Morogoro, leo tarehe 3 Novemba 2025, nakala halisi mbili: moja ya mfanyakazi, moja ya jalada.

(Imesainiwa na kugongwa mhuri)
Rehema A. Lyimo
Meneja Rasilimali Watu na Utawala
Kwa niaba ya Kiwanda cha Unga Mlimani

UTHIBITISHO WA KUPOKEA

Mimi, Hamisi Rajabu Seif, nimepokea nakala halisi ya cheti hiki na nimesoma tarehe na vyeo vilivyoandikwa. Saini yangu ni ya kupokea tu.

(Imesainiwa)
Hamisi Rajabu Seif
5 Novemba 2025