Yah: Ombi la likizo ya sabatiko ya miezi 12, 1 Septemba 2026 hadi 31 Agosti 2027

Kwa: Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma)
Kupitia: Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Udongo, Mkuu wa Kitivo cha Kilimo

Ndugu,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Naomba ruhusa ya kuondoka kazini kwa mwaka mmoja wa masomo ili nifanye utafiti juu ya fosforasi katika udongo wenye tindikali, katika maabara ya chuo mwenyeji ambacho barua yake ya kunipokea nimeiambatisha.

Katika udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma na alumini, sehemu kubwa ya fosforasi ya mbolea hushikwa na chembe za udongo kabla mizizi haijaifikia. Chokaa hupandisha pH na kupunguza sumu ya alumini, lakini athari yake juu ya ushikaji wa fosforasi hubadilika kadiri muda unavyokwenda: alumini mpya inayoganda baada ya kuweka chokaa inaweza yenyewe kushika fosfeti. Hivyo kipimo kilichochukuliwa wiki chache tu baada ya chokaa kinaweza kumpotosha mshauri wa kilimo. Nataka kujua ni lini hali hutulia, na kiwango cha mbolea kinapaswa kubadilika kwa kiasi gani.

Nitatumia udongo wa aina 8, viwango 4 vya chokaa na marudio 3, yaani vyungu 96 vya kilo 2 kila kimoja. Sampuli zitachukuliwa mwanzoni, kisha baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 9: jumla 480. Kila sampuli itapimwa kwa viwango 6 vya fosfeti, gramu 3 za udongo katika mililita 30 za kloridi ya kalsiamu ya 0.01 M, ikitikiswa dakika 30 mara mbili kwa siku kwa siku 6. Hapa ndipo ratiba ya kufundisha inapogongana na kazi. Vyungu hupimwa uzito kila baada ya siku 3 ili maji yarudishwe. Chungu kikikauka, ushikaji wenyewe hubadilika na data yake haifai tena. Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa kwa vipande vya likizo za mihula. Julai na Agosti 2027 nitachambua data na kuandika. Natarajia makala 2 na mwongozo mmoja wa maabara kwa ajili ya wanafunzi wetu.

Kuhusu ufundishaji, kozi ya Kemia ya Udongo (mwaka wa pili, muhula wa kwanza) itachukuliwa na mhadhiri mwenzangu aliyewahi kuifundisha, naye amekubali kwa maandishi. Rutuba ya Udongo na Mbolea inahitaji mhadhiri wa muda wa saa 4 kwa wiki kwa wiki 15. Hii ndiyo gharama pekee ya ziada ninayoiombea idhini. Kozi ya mbinu za maabara ya uzamili naomba isogezwe hadi mwaka 2027/28, kwa kuwa si sharti la kozi nyingine yoyote. Mihadhara, maswali ya vitendo na miongozo ya kusahihisha nitaikabidhi kufikia tarehe 14 Agosti 2026. Alama za mitihani ya marudio ya mwaka huu nitazikamilisha kabla ya kuondoka, maana zikibaki mikononi mwangu wanafunzi ndio watakaochelewa kuhitimu.

Usimamizi wa tasnifu ndio unaonipa mawazo zaidi. Wanafunzi 2 wa uzamivu nitaendelea nao kwa video kila wiki mbili, na sura nitazirudisha ndani ya siku 10 za kazi. Hata hivyo, mmoja wao ana jaribio shambani, na shamba halisimamiwi kwa video. Kwa sababu hiyo msimamizi mwenza atembelee jaribio wakati wa kupanda, wa kuweka mbolea na wa kuvuna. Naomba Kamati ya Masomo ya Uzamili impe mamlaka kamili ya kusaini taarifa za maendeleo kabla ya tarehe 1 Septemba. Msimamizi aliyeorodheshwa kwenye fomu bila mamlaka hayo hawezi kumwokoa mwanafunzi makataa yanapofika. Wa uzamili wawili wanawasilisha tasnifu Julai 2026. Wa tatu ndiyo kwanza anaanza pendekezo, nami naona ahamishiwe moja kwa moja kwa msimamizi mwingine. Miezi ya mwanzo huhitaji mtu wa kumwona ana kwa ana.

Ufunguo wa stoo ya kemikali na daftari la taka za maabara vitakabidhiwa kwa fundi sanifu mkuu, mbele ya Mkuu wa Idara.

Nitarejea kazini 1 Septemba 2027 na kuwasilisha taarifa ya utafiti ndani ya siku 60. Naomba uamuzi utolewe kufikia 30 Aprili 2026, ili mhadhiri wa muda apatikane kabla ratiba ya muhula haijafungwa.

Wako katika ujenzi wa taaluma,

Mhadhiri Mwandamizi, Kemia na Rutuba ya Udongo
2 Februari 2026

Viambatisho: barua ya chuo mwenyeji, ridhaa ya mhadhiri mbadala, ridhaa ya wasimamizi wenza, mpango wa kazi wa kila mwezi.