Kuhusu picha ya familia: nitakachounganisha na nitakachobadilisha

Ngamiani, Tanga
14 Juni 2024

Mama Salma,

Shikamoo. Picha tulizopiga Jumapili zimetoka vizuri. Nakuandikia kabla sijaanza kuziunganisha, kwa sababu hii itakaa ukutani miaka mingi na wajukuu watadhani siku hiyo mlikuwa wote studio.

Marehemu mzee atasimama nyuma ya kiti chako. Sura yake naitoa kwenye ile picha ya pasipoti saizi uliyonipa. Humo kichwa chake kina kama sentimita 3, na kwenye A3 yenu kitatoka sentimita 4 hivi, kwa hiyo siikuzi sana na sura haitachuja. Ila muhuri umepita juu ya sikio lake la kushoto. Nitachukua la kulia, niligeuze, nilipachike pale.

Picha yenyewe inaishia mabegani. Kanzu na kifua vitakuwa vya Seif, ndiyo maana nilimwomba asimame pale peke yake mlipokwisha kupigwa. Nilitaka kuuweka na mkono begani mwako, kisha nikaacha. Ungekuwa mkono wa Seif, nawe ungeujua.

Mzee alipigwa kwa flashi ya usoni, mashavu yote mawili yana mwanga sawa. Nyinyi mwanga wenu ulitoka dirishani, kushoto. Lazima nimtie kivuli upande wa pili wa pua na chini ya kidevu, la sivyo ataonekana amebandikwa. Na rangi je? Picha ni ya nyeusi na nyeupe, nami sikujaaliwa kumwona. Naomba uje tukae kwenye kompyuta nusu saa uniambie weusi wake ulikuwaje. Sitaki kubahatisha.

Kichwa cha Salma kinatoka kwenye picha nyingine ya siku hiyohiyo, maana kwenye hii mliyoichagua amefumba macho. Swichi na waya wa ukutani naviondoa. Chunusi za Jumaa nazo nazifuta, zitapona zenyewe.

Kovu lako la shavuni siligusi, wala mikunjo ya macho. Salma aliniomba nikung'arishe ngozi. Usiponiambia wewe mwenyewe, silifanyi hilo. Sura ile ndiyo wanayoijua wanao.

Nyuma ya picha nitaandika kwa kalamu: "Picha ya kuunganishwa, 2024. Baba ameongezwa kutoka picha ya pasipoti." Nitakupa pia ile isiyoguswa, kwenye karatasi ya A4, bila malipo. Ya pasipoti nakurudishia ndani ya bahasha yake. Sijaikata wala kuibandua chochote.

Sianzi kazi mpaka unijibu. Nipo hadi saa 12 jioni kila siku, isipokuwa Ijumaa nafunga saa 6 mpaka saa 8 mchana. Ukija, njoo na mtu mwingine anayemkumbuka mzee vizuri.

Mwanao,
Rashidi, mpiga picha