Deni Huzaliwa Kwenye Mizani: Kufunua Pazia la Kampuni Iliyokaushwa Kabla ya Siku ya Kulipa

Chukua kampuni ya kununua parachichi pale Tukuyu, wilayani Rungwe. Mtu mmoja anashika karibu hisa zote, mkewe ana hisa moja. Huyo mwenye hisa nyingi ndiye mkurugenzi anayeamua kila kitu, na benki inatambua saini yake tu. Mwezi Julai kampuni inapokea mzigo wa wakulima 43. Kila mkulima anaondoka na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: kilo zake, mmoja wao 1,240, bei kwa kilo, na chini yake "malipo baada ya siku 60". Jumla ya madeni ni shilingi milioni 186.

Agosti 4 mnunuzi wa nje anailipa kampuni. Ndani ya siku tisa milioni 120 zinahamia kwenye kampuni nyingine ambayo mkurugenzi ameisajili BRELA mwezi huohuo. Milioni 40 anajilipa mwenyewe kwa maelezo ya "marejesho ya mkopo wa mkurugenzi", mkopo usio na mkataba wala ingizo lolote kwenye hesabu. Fuso mbili zinabadilishwa umiliki kwenda kwa shemeji yake, na hakuna shilingi iliyoingia. Siku ya wakulima kulipwa inapofika, akaunti ina shilingi 61,400.

Je, wakulima wanaweza kumfuata yeye binafsi? Naamini wanaweza. Ila wakili anayekimbilia kusema "tufunue pazia", yaani mahakama iupite utengano wa kampuni na kumfikia aliye nyuma yake, bila kutaja ni pazia la kampuni ipi ataumia mahakamani, maana hapa kampuni ni mbili, na sheria haiziangalii kwa jicho moja.

Msingi unajulikana. Mwaka 1897, katika shauri la Salomon, Baraza la Malodi la Uingereza lilisema kampuni iliyosajiliwa ni mtu tofauti na wanahisa wake, hata kama mmoja ana hisa 20,001 kati ya 20,007. Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, imejengwa juu ya msingi huohuo. Na ni msingi mzuri. Bila huo, nani angethubutu kukodi ghala la kupoza matunda huku akijua msimu mmoja mbaya utamla hadi nyumba anayolala? Pazia linamkinga mfanyabiashara dhidi ya hasara. Swali ni kama linamkinga pia dhidi ya mkono wake mwenyewe.

Utetezi wa mkurugenzi utakuwa huu: Agosti hapakuwa na deni lililoiva, kwa hiyo alikuwa huru kutumia fedha za kampuni apendavyo. Hapa ndipo shauri zima linaposimama au kuanguka. Deni kuwepo ni jambo moja, deni kuiva ni jambo jingine. Parachichi zilipopimwa na kupakiwa, umiliki ulihama na deni likazaliwa palepale kwenye mizani. Siku 60 ziliahirisha malipo tu. Mkulima aliyekubali kusubiri aliikopesha kampuni subira yake, na haiwezekani subira hiyo igeuzwe kuwa kibali cha kumpora.

Shauri la Jones dhidi ya Lipman, la mwaka 1962, linaonyesha hilo vizuri. Lipman alisaini mkataba wa kumuuzia Jones nyumba. Kabla ya kukamilisha mauzo akabadili mawazo, akaihamishia nyumba kwenye kampuni aliyoimiliki. Siku ya makabidhiano ilikuwa bado, lakini wajibu ulikuwapo. Mahakama iliamuru Lipman na kampuni yake wote wawili watekeleze mkataba. Ndicho alichofanya mkurugenzi wetu alipounda kampuni ya pili: kulikuwa na wajibu, akasimika chombo katikati ili wajibu usifike kwenye mali. Mwaka 2013, katika Prest dhidi ya Petrodel, Jaji Sumption aliyabana mamlaka ya kufunua pazia hadi kwenye hali ya namna hii hasa, yaani mtu anapokwepa kwa makusudi wajibu uliopo kwa kutumia kampuni anayoitawala. Maamuzi ya Uingereza ya baada ya 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya Uingereza ilipokelewa nchini, hayazifungi mahakama zetu, ila hushawishi, na hili linashawishi sana. Kwa hiyo pazia la kampuni ya pili naliona jepesi, na zile milioni 120 zifuatwe huko.

Pazia la kampuni ya kwanza ni zito zaidi. Yenyewe ilikopa kweli, ilinunua kweli, wala haikuundwa kumficha mtu. Kwa kipimo cha Prest pekee, mkurugenzi anaweza kupona. Lakini shauri hilohilo linafundisha jambo ambalo wengi hulipita: mahakama ilikataa kufunua pazia, kisha ikampa mke, aliyedai mgawo wake baada ya talaka, nyumba kwa sababu kampuni zilizishika kwa niaba ya mume. Fuso zinaingia hapo. Shemeji aliyepokea gari bila kulipa anaulizwa analishika kwa ajili ya nani, na pazia halihitajiki kabisa.

Kwa zile milioni 40, njia ni wajibu wake kama mkurugenzi na vifungu vya kuendesha biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai. Mwaka 2022, katika shauri la Sequana, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kampuni inapofilisika au inapokaribia ukingo huo, mkurugenzi lazima ayatazame maslahi ya wadai. Waliodai katika shauri hilo walishindwa kwenye hoja hiyo, kwa kuwa gawio lilipolipwa kufilisika hakukuwa karibu. Wakili wa upande wa pili atalishika hilo kwa mikono miwili. Ajibiwe kwamba pale hatari ilikuwa ya mbali, na hapa mkurugenzi aliitengeneza kwa saini yake ndani ya siku tisa, akijua tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi 43.

Angekuwa amejilipa mshahara wake wa kawaida, au bei ya soko ingekuwa imeanguka, ningesema wakulima wamebeba hatari ya biashara kama mdai mwingine yeyote. Inauma, lakini ndiyo sheria.

Njia ya mfilisi, msimamizi wa kampuni inayofungwa, ina gharama, na mkulima wa Kiwira hana fedha za kuisubiri. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani, katika shauri la Yusuf Manji dhidi ya Edward Masanja na mwenzake, ni muhimu kwetu: ilikubali kuwa katika mazingira maalumu pazia linaweza kufunuliwa hata kwenye hatua ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Kinachotakiwa ni ushahidi wa hayo mazingira. Dalali wa mahakama akirudi na taarifa kwamba ofisini amekuta meza mbili na mizani, taarifa hiyo inaonyesha umaskini tu. Ulaghai unaonekana kwenye taarifa ya benki ya Agosti, tarehe ya usajili wa kampuni ya pili, na kumbukumbu za TRA za kuhamisha magari, zikipangwa kwa tarehe kando ya stakabadhi za mizani.

Mimi nisingengoja hukumu. Ningefungua shauri Mahakama Kuu Mbeya nikiwaunganisha mkurugenzi, kampuni ya pili na shemeji tangu mwanzo, na siku hiyohiyo ningewasilisha maombi ya kukamata mali kabla ya hukumu: Fuso zote mbili na salio lolote lililobaki kwenye akaunti ya kampuni mpya. Kiapo kingeambatishwa stakabadhi zote 43, ikiwemo ile ya kilo 1,240.