Tumbo na Vidonge vya Mkebeni

Hamjambo wasikilizaji, hasa mlio kwenye matatu mkielekea mjini. Leo tufungue ule mkebe wa siagi juu ya kabati. Ndani mna kapsuli nne za amoksilini zilizobaki mtoto alipougua koo, diklofenaki za mgongo wa baba, na karatasi ya vidonge iliyokatwa hadi tarehe ya kuisha imepotea.

Usiku tumbo linasokota, mtu anameza viwili viwili. Juzi mama mmoja wa Kayole alinijia kliniki akiwa amefanya hivyo siku tatu. Nilimuuliza choo kikoje. Akasema, "Daktari, cheusi kama lami." Hiyo ni damu, mama. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Penye kidonda, huzidi kukichimba.

Dawa ya maumivu inaweza pia kukuliwaza huku kidole tumbo kikivimba hadi kupasuka. Ukisikia maumivu yakihamia chini kulia, tumbo likikaza, ukitapika damu au una mimba, usingoje kupambazuke.

Na zile kapsuli nne? Haziui virusi, na dozi nusu huwaacha bakteria sugu wakizaliana. Hata vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria hupimwa kwanza, kisha hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja.

Kwa kuharisha, anza na ORS: pakiti moja, maji safi kipimo kilichoandikwa. Vilivyobaki mkebeni mpelekee mfamasia, msivitupe chooni. Simu ya kwanza iko hewani, karibu.