Barua kwa mwenye nyumba: kodi kupanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja

Neema Mwakyusa (Mama Baraka),
Tabata Segerea,
Dar es Salaam.

10 Agosti 2024

Mzee Salehe,
Mwenye nyumba,
Tabata Segerea.

YAH: KUPANDISHWA KODI MARA MBILI MWAKA HUU NA HESABU YA ASILIMIA ZAKE

Shikamoo Mzee. Natumaini presha imetulia na mama hajambo. Sisi huku ni wazima, Baraka anaendelea na maandalizi ya mtihani wa darasa la saba.

Nimekaa na ujumbe wako wa watsapu wa tarehe 2 Agosti kwa wiki nzima kabla ya kuandika. Nimeona niandike barua badala ya kupiga simu, kwa sababu jambo lenyewe lina tarakimu nyingi, na tarakimu za kwenye simu kila mtu huondoka na zake.

Ujumbe wako ulisema hivi: kuanzia tarehe 1 Septemba kodi inaongezeka asilimia 15, na ukijumlisha na asilimia 12 ya mwezi Machi, kwa mwaka mzima ni 27. Siku mbili baadaye kijana wako alinipigia kunieleza kwamba kodi mpya ni shilingi 322,000 kwa mwezi, na kwamba niandae 1,932,000 ya miezi sita. Hapo ndipo nilipochukua kalamu, maana maneno hayo mawili hayakubaliani.

Tulipoingia hapa tarehe 1 Machi 2022 kodi ilikuwa 250,000. Ilibaki hapo miaka miwili, jambo ambalo nakushukuru na sijalisahau. Machi mwaka huu uliongeza asilimia 12, yaani 30,000, ikafika 280,000. Sasa asilimia 15 imepigwa juu ya hiyo 280,000, ikatoa 42,000, ndiyo tukafika 322,000. Kutoka 250,000 hadi 322,000 ni ongezeko la shilingi 72,000. Gawanya 72,000 kwa 250,000, utapata asilimia 28.8. Haiishii kwenye 27 uliyoniandikia, imeipita.

Kama ingekuwa 27 kweli, kodi ingekuwa 317,500. Tofauti ni 4,500 kwa mwezi, na inatokana na jambo moja: asilimia 15 ya mara ya pili imeipandia hata ile 30,000 ya mwezi Machi. Asilimia 15 ya 30,000 ni hiyo hiyo 4,500. Kwa maneno mengine, nyongeza nayo imeongezwa. Ndiyo maana 12 na 15 haziwezi kujumlishwa tu kama mafungu ya mchicha. Kila moja imechukuliwa kwenye kiasi tofauti. Kwa miezi sita, hiyo tofauti peke yake ni 27,000, ambayo kwangu ni pesa ya gesi na chenji inabaki.

Sidhani kama ulikusudia kunificha kitu, Mzee. Watu wengi hujumlisha hivyo. Lakini naomba uniandikie kodi unayoidai ni ipi hasa: 317,500 inayolingana na ujumbe wako, au 322,000 aliyoitaja kijana. Mtu anayedaiwa ana haki ya kujua anadaiwa shilingi ngapi, na hesabu imetokaje.

Hata hivyo, swali langu kubwa si hiyo 4,500. Ni kwamba ongezeko hili la pili, kwa kiasi chochote, mkataba wetu haulikubali.

Nimeufungua tena, ule wa kurasa mbili tuliousaini ofisi ya serikali ya mtaa na kugongwa muhuri. Kifungu cha 5 kinasema: "Kodi inaweza kuangaliwa upya mara moja tu kwa mwaka, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na baada ya taarifa ya maandishi isiyopungua miezi mitatu." Mkataba unajirudia kila tarehe 1 Machi mpaka upande mmoja utoe notisi. Mwaka wetu wa mkataba kwa hiyo unaanza Machi 2024 na kuisha 28 Februari 2025. Ile mara moja tuliitumia Machi. Kutoka tarehe 2 Agosti hadi 1 Septemba haitimii hata miezi miwili, sembuse mitatu. Na makubaliano hatujakaa kuyafanya.

Nikiri upande wangu pia. Machi ulinipa taarifa kwa simu, mwezi mmoja kabla, na haikuwa kwa maandishi. Sikupinga. Nililipa 1,680,000 kwa miezi sita kwa sababu niliona miaka miwili bila kupandisha ni uungwana, na 30,000 tungeweza kujibana. Sikudai kifungu kifuatwe neno kwa neno. Pengine ndiyo maana sasa imeonekana kwamba kifungu hakina kazi. Kina kazi, Mzee, hasa kwa watu kama sisi. Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa Dar es Salaam kinga yake ya kwanza ni karatasi aliyosaini. Nikiliachia hilo, sina pa kushika.

Kijana wako alinipa sababu mbili, nami nimezifikiria kwa dhati.

Ya kwanza ni kwamba maisha yamepanda na kodi ya jengo imepanda. Maisha yamepanda, hilo nalijua nikienda sokoni na nikinunua vitambaa vya kushonea. Lakini mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka huu ni kama asilimia 3 kwa mwaka, na asilimia 28.8 ni zaidi ya mara tisa ya hapo. Na kodi ya jengo, kama unavyofahamu, inakatwa kwenye LUKU. Mita ya nyumba hii ninainunulia umeme mimi. Kila mwezi zinakatwa 1,500, ni 18,000 kwa mwaka, na zinatoka mfukoni mwangu ingawa kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Sijawahi kukudai hata senti, wala barua hii haikudai. Ninachoomba ni kwamba isiwe sababu ya kunipandishia tena, maana nitakuwa nimeilipa mara mbili.

Ya pili ni kwamba nyumba ya jirani imepangishwa 330,000. Ni kweli, hata mimi nimesikia kwa dalali. Ile ina uzio, ina marumaru vyumba vyote na tangi la maji juu. Yetu ina vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, na maji ya bomba yakikatika tunachota kisimani. Naipenda na nimeitunza, lakini si nyumba moja na ile. Tena dalali anapotaja bei anaangalia pia kile atakachopata mpangaji mpya akiingia.

Kuhusu dari lililovuja kwenye mvua za Aprili, nilinunua bati na kumlipa fundi, jumla 85,000, na risiti ninazo. Hilo tutalizungumza siku yake. Sitaki kulichanganya na kodi.

Nikueleze sasa linavyotugusa. Mwaka wa mkataba uliopita tulilipa 3,000,000. Mwaka huu, kwa 280,000 miezi yote kumi na miwili, tunalipa 3,360,000, na hiyo ndiyo tuliyoipangia. Kwa 322,000 kuanzia Septemba tutalipa 3,612,000. Nyongeza ya 252,000 ndani ya nusu mwaka, kwa taarifa ya siku thelathini. Na kodi ya miezi sita hailipwi kidogo kidogo. Baba Baraka ni mwalimu, mshahara wake unajulikana. Mimi nashona, na pesa ya Septemba niliianza tangu Aprili kwenye kikoba, wiki kwa wiki, nikihesabu 1,680,000. Imetimia. Haikuhesabiwa 1,932,000, na hakuna njia ya uaminifu ya kupata laki mbili na nusu katika wiki tatu bila kukopa kwa riba.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni huko mbele. Tukikubali kwamba kila mwaka ni asilimia 12 na kisha 15, basi Septemba mwakani kodi ya nyumba hii itakuwa 414,736 kwa mwezi. Nimeipiga mara tatu nikidhani nimekosea. Sijui familia ya mwalimu na mshonaji itakayoiweza.

Kuhama nako si rahisi kusema. Baraka anafanya mtihani wa taifa mwezi Septemba, shule iko dakika kumi kwa miguu. Kumhamisha mtoto wiki hizi ni kumharibia kitu ambacho hakirudiwi. Nakuambia haya si kwa kukuomba huruma, bali ujue kwamba kama sikubaliani na wewe, si kwamba nina pa kwenda na nakutunishia msuli. Nataka tubaki.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kodi ibaki 280,000 hadi mwisho wa Februari 2025. Tarehe 30 Agosti nitaweka 1,680,000 kwenye akaunti ile ile ya siku zote na nitakuletea karatasi ya benki, nami nitaomba risiti yako inayotaja miezi, Septemba hadi Februari. Ukitaka kuipandisha Machi 2025, mkataba unakuruhusu. Niandikie kabla ya tarehe 30 Novemba, ukitaja kiasi kwa shilingi na si kwa asilimia peke yake. Kwa upande wangu niko tayari tangu leo kukubali 300,000 kuanzia Machi hiyo. Ni asilimia kama 7 juu ya kodi ya sasa, na ukilinganisha na 250,000 tuliyokuwa tukilipa hadi Februari mwaka huu, ni asilimia 20 kamili. Naamini si kidogo.

Kama kuna jambo la ghafla lililokufanya uhitaji pesa Septemba, niambie tu kama mwanao. Tunaweza kuona namna, lakini iwe kama jambo hilo, isiwe kodi.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 24 Agosti. Tukishindwa kuelewana sisi wawili, napendekeza tukae kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeshuhudia mkataba, siku utakayochagua wewe. Baada ya saa kumi jioni nipo nyumbani siku zote.

Msalimie mama, mwambie gauni lake liko tayari, aje alijaribu.

Wako mpangaji,

Neema Mwakyusa
(Mama Baraka)

Viambatanisho: nakala ya mkataba wa 1 Machi 2022; nakala ya karatasi ya benki ya malipo ya Machi 2024; nakala ya ujumbe wako wa tarehe 2 Agosti.