YAH: OMBI LA FEDHA ZA KONA YA KUREKODIA MUZIKI

Kwa Mwalimu Mkuu,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Muhula uliopita nilirekodi kwaya yetu kwa simu, nikaiegemeza kwenye kopo la chaki dirishani. Mara ya kwanza kengele ililia katikati ya ubeti wa pili. Mara ya tatu tukamaliza salama, ila waimbaji wa sauti ya tena waliokuwa karibu na simu waliwameza wenzao wote. Wasichana wa alto waliposikiliza, waliniuliza: "Mwalimu, sisi tulikuwa wapi?"

Naomba basi tuigeuze stoo ya ala, iliyo nyuma ya maktaba, iwe kona ya kurekodia. Mahitaji ni haya:

- Maikrofoni 2 za dainamiki. Kondensa nimeziacha kwa makusudi: hunasa hata kiti kinachoburutwa darasa la jirani, na huhitaji kulishwa umeme wa volti 48.
- Kadi ya sauti ya nje 1, ya USB, yenye matundu mawili ya maikrofoni. Kila sauti itaingia kwenye njia yake, niweze kuipandisha alto bila kuigusa sauti ya tena.
- Hedifoni 2 za kufunika sikio lote, ili mdundo usivuje na kurudi kwenye maikrofoni.
- Stendi 2, kebo 2 na vichujio 2 vya pumzi.
- Mablanketi mazito 4 ya kutundika ukutani kupunguza mwangwi. Wapo watakaoshauri trei za mayai. Hazisaidii chochote cha maana.

Kompyuta sihitaji. Ile ya idara inatosha, na programu ya Audacity ni ya bure.

Sababu yangu kubwa ni upimaji. Sasa hivi mtihani wa vitendo nausahihisha kwa masikio yangu peke yangu, mara moja, na mwanafunzi akilalamika sina cha kumwonyesha. Rekodi ikiwepo, mwalimu mwingine anaweza kusikiliza na kutoa alama zake. Tena mtoto akijisikia mwenyewe hujirekebisha upesi kuliko nikimkemea. Yupo mmoja wa kidato cha pili niliyemwambia wiki tatu kwamba anashuka chini ya noti mwishoni mwa mstari. Alikataa katakata mpaka nilipomchezea rekodi ya simu. Siku iliyofuata alikuwa ameshalirekebisha.

Makadirio ya gharama nimeyaambatisha. Fungu likiwa dogo, tuanze na maikrofoni moja na kebo yake, stendi moja, kadi ya sauti, hedifoni moja na mablanketi. Vingine vitasubiri muhula ujao. Ufunguo na daftari la kuazimia vifaa vitakaa kwangu.

Nikiitwa, nitakuja ofisini na ile rekodi ya simu uisikilize mwenyewe, kengele na yote.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Muziki

Nakala: Mhasibu wa Shule